Muuzaji wa mtandaoni amekunyamazia? Dai pesa zako kupitia benki iliyokupa kadi

Ukilipa kwa kadi halafu muuzaji akapokea pesa na kunyamaza, upo utaratibu wa kuzidai pesa hizo, nao huanzia katika benki iliyokupa kadi. Kwenye fomu za benki utaukuta umeandikwa Dispute au Chargeback. Hapa tutauita dai la kadi.

Nimekaa na watu kadhaa wa huku kwetu Pwani kuzijaza fomu hizi, wengine wakarudishiwa pesa na wengine wakatoka kapa. Waliorudishiwa hawakuwa na kilio kikubwa kuliko wenzao. Walitaja sababu sahihi tangu siku ya kwanza, na wakabeba karatasi zilizoithibitisha sababu hiyo. Leo nataka nieleze mambo hayo mawili kwa kumfuata mshonaji mmoja wa Kisiwani Mombasa, ambaye aliagiza cherehani ya ovaloki kutoka duka la ng'ambo na duka likamnyamazia.

Pesa inavyopita

Kwanza tuelewe njia. Unapolipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, pesa haiendi moja kwa moja mkononi mwa muuzaji. Benki yako huilipa benki ya muuzaji kupitia mtandao wa Visa au Mastercard, na benki ya muuzaji ndiyo inayompa yeye. Benki zote mbili zimefungwa na kanuni za mtandao huo. Kanuni hizo zinairuhusu benki yako kuivuta pesa irudi ikiwa mteja hakupata alicholipia, na benki ya muuzaji itamdai mteja wake, yaani muuzaji, alete ushahidi kwamba alifikisha mzigo.

Hapo ndipo kimya cha muuzaji kinapoweza kukusaidia. Akishapelekewa dai, anakuwa na siku za kujibu, siku 30 kwa Visa na 45 kwa Mastercard. Asipojibu ndani ya muda huo, kwa kawaida dai husimama na pesa hubaki kwako. Duka lililokimbia wateja mara nyingi hulikimbia dai pia.

Njia hii ni ya kadi, ya mkopo na ya kawaida ya akaunti vilevile. Uliyemtumia muuzaji M-Pesa kwenye nambari yake, au uliyemwekea pesa benki, huna dai la kadi. Ile huduma ya kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ni ya kurudisha pesa iliyokwenda nambari isiyokusudiwa. Haikuwekwa kwa ajili ya mzozo na mtu uliyemlipa kwa hiari yako. Lakini ukitumia ile kadi ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay, malipo yako yamepita njia ya Visa, na pa kuanzia ni huduma kwa wateja ya aliyekupa kadi.

Usiseme umeibiwa

Mshonaji wetu alilipa dola 345 tarehe 3 Februari, na kwenye stetimenti ya akaunti zikaonekana shilingi 45,885. Duka lilimwahidi mzigo ndani ya siku 21, yaani kufikia tarehe 24 Februari. Tarehe hiyo ilipita. Tarehe 27 duka likajibu kwamba mzigo upo forodhani, na baada ya hapo halikujibu tena.

Watu waliomzunguka walimshauri apige simu benki aseme, "Nimeibiwa, kuna mtu ametoa pesa kwenye kadi yangu." Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, nao ndio unaowaangusha wengi.

Kwa benki, wizi wa kadi maana yake ni kwamba mwenye kadi hakuyafanya malipo yale wala hakuyaruhusu. Ukisema hivyo, kadi yako itafungwa na dai litapelekwa kwa sababu ya udanganyifu. Kisha benki itafungua rekodi zake ikute kwamba siku ile uliletewa OTP kwenye simu yako, ukaiingiza, na malipo yakapita. Malipo yaliyothibitishwa namna hiyo kwa kawaida hayawezi tena kudaiwa kwa muuzaji kwa sababu ya wizi, kwani kanuni zinauondoa mzigo huo begani mwake. Dai litakufa hapo, na wewe utakuwa umeandikiwa katika faili la benki kwamba maneno yako na rekodi havilingani.

Sababu ya kweli ni nyingine. Ulilipa mwenyewe, kwa hiari, na bidhaa haikufika. Kwenye fomu tafuta mstari unaosema Goods or services not received, au maneno yanayofanana na hayo. Kwa Visa sababu hiyo ina nambari 13.1, na kwa Mastercard iko ndani ya 4853. Hapa OTP haikudhuru kitu, kwa sababu hubishi kwamba ulilipa. Unachobisha ni kwamba hukuletewa. Mshonaji aliuchagua mstari huo, na simulizi yake yote ikaufuata.

Saa inayohesabu

Dai la kadi lina mlango unaofungwa. Kwa bidhaa ambayo haikufika, Visa na Mastercard hutoa siku 120, zikihesabiwa kutoka siku uliyotarajia kupokea mzigo. Kwa mshonaji hesabu ilianzia tarehe 24 Februari, kwa hivyo mlango ungefungwa tarehe 24 Juni. Kama hakuna tarehe yoyote iliyoahidiwa, benki inaweza kukuambia usubiri kwanza, siku 15 kwa Visa au 30 kwa Mastercard tangu ulipolipa, ili muuzaji apewe nafasi ya kuleta.

Wauzaji wajanja wanaijua saa hii. Ndiyo maana utaambiwa "wiki mbili zaidi", kisha "wiki moja tena", mpaka miezi minne ipite. Ukikubali kwa maandishi tarehe mpya ya kufikishiwa, hesabu inaweza kuanzia tarehe hiyo mpya, lakini hata hivyo haiwezi kuvuka siku 540 tangu malipo yenyewe. Usiitegemee nafuu hiyo. Benki nazo huwa na taratibu zao za ndani, na nyingine humtaka mteja atoe taarifa mapema kuliko siku 120. Tarehe iliyoahidiwa ikipita na muuzaji akiwa kimya, mpe nafasi moja ya mwisho kwa maandishi, kisha nenda.

Ujumbe wa mwisho kwa muuzaji

Benki itakuuliza kama ulijaribu kumalizana na muuzaji kabla ya kuja kwao. Jibu zuri kabisa ni ujumbe mmoja ulio wazi, wenye tarehe, uliopelekwa kwenye anwani ya barua pepe ya duka. Mshonaji alipeleka wake tarehe 6 Machi. Maneno yake, nikiyaleta kwa Kiswahili, yalikuwa hivi:

"Tarehe 3 Februari nililipa dola 345 kwa cherehani moja ya ovaloki. Mliahidi kuifikisha Mombasa kufikia tarehe 24 Februari. Haijafika, na tangu tarehe 27 Februari hamjajibu ujumbe wangu. Naomba mnirudishie pesa zote kwenye kadi niliyolipia kufikia tarehe 11 Machi. Msipofanya hivyo nitapeleka dai kwa benki yangu."

Juu ya ujumbe aliandika nambari ya oda. Hakutukana, hakutisha kwa polisi. Afisa wa benki atakayeusoma hakujui, na matusi yatamfanya ajiulize kuna nini kingine kati yenu.

Angalia pia kwamba aliomba pesa irudi kwenye kadi ileile. Muuzaji akikuambia atakurudishia kwa njia nyingine ikiwa utaondoa dai kwanza, kataa. Na akidai kwamba ameshakurudishia, muombe ARN ya malipo hayo. Hiyo ni nambari ya tarakimu 23 ambayo benki yako inaweza kuitumia kuyatafuta. Aliyerudisha kweli anaweza kuipata kwa benki yake, na anayekuzungusha atatafuta sababu nyingine.

Karatasi zinazosaidia

Tarehe 11 Machi ilipita kimya, na tarehe 12 mshonaji alikwenda kwenye tawi lake na fomu na karatasi nne. Nazitaja moja moja kwa sababu kila moja inajibu swali ambalo benki ya muuzaji italiuliza.

Ya kwanza ni stetimenti yenye mstari wa malipo, ambao aliuzungushia kalamu. Jina kwenye mstari huo lilikuwa la kampuni nyingine, tofauti na jina la duka. Hilo ni jambo la kawaida, lakini lisipoelezwa linaweza kuleta mkanganyiko. Basi aliandika pembeni kwamba malipo yale ndiyo ya oda ile, akionyesha kwamba tarehe na kiasi vinalingana.

Ya pili ni barua pepe ya kuthibitisha oda. Hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu ndani yake mna maneno ya muuzaji mwenyewe: alichouza, bei, anwani ya kufikishia mzigo na siku alizoahidi. Kama siku hazimo kwenye barua pepe, pengine zimo kwenye ukurasa wa duka unaoeleza usafirishaji. Uhifadhi ukurasa huo siku ileile unapoanza kushuku, na anwani yake ya juu ionekane, kwani duka la kitapeli linaweza kufungwa usiku mmoja.

Ya tatu ni mazungumzo yote na muuzaji, kuanzia la kwanza hadi ule ujumbe wa mwisho, kwa mpangilio wa tarehe. Skrinshoti iliyokatwa isionyeshe tarehe wala jina la mpelekaji haina nguvu. Kama mlizungumza kwa WhatsApp, tumia Export chat upate mazungumzo yote katika faili moja. Na kama umewasha ujumbe wa kujifuta, uzime leo kabla ya kuendelea kusoma.

Ya nne ni maelezo yake mwenyewe, nusu ukurasa. Tarehe upande mmoja, tukio upande wa pili: nililipa, niliahidiwa, haikufika, niliuliza, hawakujibu, niliomba pesa, hawakujibu. Afisa mwenye mafaili mengi mezani aliyaelewa kwa dakika moja.

Vipo vitu watu huvibeba kwa wingi ambavyo havisaidii sana. Malalamiko ya wateja wengine mtandaoni yanaonyesha kwamba duka lina sifa mbaya, lakini hayathibitishi kwamba mzigo wako wewe haukufika. Simu ulizopiga bila kurekodiwa popote ni maneno matupu, labda uziandikie ujumbe baada yake, kwa mfano "kama mlivyoniambia leo kwa simu". Na picha ya bidhaa uliyoitamani haithibitishi kitu kisichomo tayari kwenye oda.

Kabla hujaondoka benki, omba nambari ya dai na uiandike mahali. Bila nambari hiyo, kila utakapopiga simu utaanza upya.

Pesa ikirudi, bado si yako

Tarehe 28 Machi shilingi 45,885 zilionekana kwenye akaunti ya mshonaji. Si kila benki hurudisha pesa mapema namna hii. Nyingine hungoja mpaka mwisho. Lakini hata zikirudi, hizo ni za muda. Benki inaweza kuzichukua tena muuzaji akileta ushahidi, kwa hivyo zisikae kwenye hesabu zako za matumizi.

Na kweli, muuzaji aliyekuwa kimya kwa mteja aliijibu benki. Tarehe 24 Aprili mshonaji alipigiwa simu akaambiwa duka limeleta nambari ya kufuatilia mzigo, inayoonyesha kwamba umefikishwa na kutiwa sahihi tarehe 1 Machi. Alipewa siku tano za kujibu.

Huu ni mchezo unaojulikana. Muuzaji hutuma bahasha nyepesi kwa mtu yeyote, au huazima nambari ya mzigo mwingine, apate neno moja tu, "umefikishwa". Dawa yake ni kuufungua ukurasa wa kampuni ya usafirishaji na kusoma kilichoandikwa chini ya neno hilo. Mshonaji alikuta mambo mawili. Mzigo ulifikishwa Nairobi, ilhali anwani kwenye oda ni Mombasa. Na uzito wake ulikuwa kilo 0.2, ilhali duka lenyewe limeandika kwenye ukurasa wa bidhaa kwamba cherehani ile ina kilo 7. Alichapisha kurasa zote mbili, akaongeza sentensi tatu za maelezo, na akazifikisha benki tarehe 27 Aprili.

Kama ukurasa wa kufuatilia ungeonyesha Mombasa, angelazimika kwenda kwenye ofisi ya kampuni hiyo kuomba karatasi inayoonyesha anwani kamili na jina la aliyetia sahihi. Hilo linawezekana, ila lina mbio, na siku tano ni chache. Ndiyo sababu nasema simu ya benki ikiita wakati dai liko wazi, ipokee, na barua pepe uwe unaipitia kila siku. Nimeona dai zuri likifungwa kwa sababu mwenyewe alisafiri na hakujibu.

Benki iliyarudisha majibu yale upande wa pili. Muuzaji alikuwa na siku 30 nyingine, na safari hii hakusema lolote. Tarehe 2 Juni benki ilimwandikia mshonaji kwamba dai limekwisha na pesa ni zake. Tangu alipoingia kwenye tawi mpaka barua ile ilipita karibu miezi mitatu, na huo ni mwendo wa kawaida kwa dai linalopingwa.

Kama muuzaji angeendelea kubisha, hatua inayofuata ni mtandao wa Visa au Mastercard kuamua wenyewe, na upande unaoshindwa hulipa ada ya mamia ya dola. Kwa kiasi kidogo, benki yako inaweza kuona haina haja ya kufika huko. Jua tu kwamba mpaka huo upo.

Benki ikikataa

Afisa akikuambia kwamba malipo ya mtandaoni hayarudi, muombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi, na dai lipelekwe kwa dawati la kadi la makao makuu. Mara nyingi aliyekataa ni wa tawi tu, naye haoni madai ya namna hii kila wiki. Ukipata jibu la maandishi lisiloridhisha, unaweza kulalamika kwa Benki Kuu ya Kenya ukiambatanisha barua hiyo na nambari ya dai. Na kama muuzaji yuko hapa nchini na anajulikana alipo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na karatasi zilezile nne ndizo utakazozihitaji.

Jambo la mwisho ni la upande wako. Huenda ukarudishiwa pesa, kisha baada ya wiki kadhaa mzigo ukabisha hodi kweli. Hapo huwezi kukaa na vyote viwili. Ama uukatae mzigo na uweke ushahidi kwamba umeukataa, ama uupokee na uiarifu benki ili dai liondolewe na muuzaji apate haki yake. Ukinyamaza wewe, muuzaji atakuwa na sahihi yako ya kupokea, na benki itakapoulizwa tena, karatasi zitakuwa upande wake.